Kopo la Namba Saba

Kitendawili. Nyumba yangu ni nyeupe na nyembamba. Moto unawaka, moshi unatoka, wageni wanabisha hodi tangu alfajiri hadi magharibi, lakini mwenye nyumba hayumo. Ni nini hiyo? Usiniambie jiko la kuni, maana jiko lina mpishi wake. Usiniambie tanuri la chokaa. Na usiwe mwepesi wa kunipa mji. Kaa na mji wako kwanza, jibu litakuja kwa miguu yake.

Sista Everlyn Munee hakuwa na wakati wa vitendawili Jumatatu ile. Alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha zahanati, kule kwenye mashamba ya skimu, ardhi waliyogawiwa watu na serikali, juu ya Msambweni, ametandaza gazeti kuukuu mezani, na kwa koleo la kushikia pamba alikuwa akihesabu vipisi vya sigara. Kila kumi aliviweka kando kama mtu apangaye samaki wa fungu. Alipomaliza makopo ya namba saba, moja kwa kila wiki, aliweka koleo chini, akafuta jasho, akavirudisha vya kila wiki koponi mwake, akaanza upya. Mara ya pili hesabu ilitoka ile ile. Mia sita thelathini na saba, kwa wiki tatu.

Namba saba alikuwa mdogo wake, Kimanzi, tumbo moja, ziwa moja.

Kimanzi alipoandikishwa, alipoulizwa anavuta sigara ngapi kwa siku, alijibu kumi na tano bila ya kusitasita. Kumi na tano mara siku ishirini na moja, mtoto wa darasa la nne atakuambia, ni mia tatu na kumi na tano. Sasa mbele ya dada yake zilikuwapo mara mbili na ziada. Na aliyemshawishi aingie katika jambo hili, aliyemwendea kwake shambani mara tatu na kumbembeleza, alikuwa ni yeye Everlyn.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka ule wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Niño zilizoleta malaria ya kila aina, alikuja zahanati daktari mmoja, Mgiriama, kwa jina Fondo, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kukaa bila ya kalamu sikioni. Alikuwa na wazo alilolipata katika maandishi ya wataalamu wa ng'ambo. Serikali, alisema, haiwezi kupiga sigara marufuku. Watu watavuta kwa siri na magendo yatafurika. Lakini je, ikiwalazimisha wenye viwanda waiondoe nikotini ndani ya tumbaku yenyewe, ibaki chembe tu? Nikotini ndiyo kamba imfungayo mvutaji. Moshi utakuwepo, na moshi ni sumu vile vile, asidanganyike mtu. Ila kamba haipo. Kijana atakayejaribu hatanasa, na aliyenaswa atapata mwanya wa kutoka.

Wazo likawa na maadui, na maadui walikuwa na swali moja la kukata na shoka: mvutaji akikosa nikotini katika sigara moja, si atavuta mbili? Akikosa katika mbili, si atavuta nne? Mtamwongezea moshi na lami kifuani mkidhani mnamwokoa. Ijumaa ya wiki ile ile watu wa wizara na wataalamu wao wangekutana katika hoteli moja ya Diani, na swali hilo lingekuwa mezani. Daktari Fondo alitakiwa apeleke jibu, hata likiwa dogo, la watu kumi na wawili.

Basi walitafutwa wavutaji kumi na wawili wa skimu na vijiji vya chini, wakaelezwa kila kitu, na aliyetaka kujitoa alijitoa. Walipewa sigara zilizotengenezwa ng'ambo, tumbaku yake imeoshwa kiwandani hata nikotini ikabaki ya kuhesabiwa kwa darubini. Walipewa nyingi kuliko haja yao, makusudi, ili atakaye kuongeza asizuiwe. Masharti yalikuwa matatu: usivute nyingine, uje kila Jumatatu saa tatu kupuliza katika mashine, na kila kipisi ukitie kwenye kopo. Kila Jumatatu kopo lilifungwa kwa utepe likaandikwa wiki yake, na yote yangefunguliwa siku moja.

Sigara zenyewe wazee walizisema vibaya. Mzee Boga wa Munje alisema ni kama kula pilau ndotoni: unashiba, unaamka na njaa yako. Sefu, fundi baiskeli, alisema anahisi anavuta barua. Lakini walizivuta, maana walikuwa wametoa neno.

Makopo ya watu kumi na mmoja yalisema neno moja. Wiki ya kwanza watu wengi walipanda kidogo, mbili au tatu kwa siku, kama mtu apapasaye mfuko akitafuta ufunguo. Wiki ya pili walirudi walipokuwa. Wiki ya tatu baadhi yao walishuka chini ya pale walipoanzia. Mzee Boga alitoka ishirini akafika kumi na sita na wala hakujua. Ilikuwa habari njema. Halafu likaja kopo la namba saba, likaketi katikati ya habari njema kama nyoka kwenye kapu la maembe.

Everlyn alimpelekea daktari karatasi. Daktari Fondo akaisoma, akaitoa kalamu sikioni, akairudisha. Akauliza kama amehesabu mara mbili. Akaambiwa mara mbili. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa watu kumi na wawili, mmoja kama huyu ni mkubwa. Ijumaa hakuna atakayesikia habari za wale kumi na mmoja. Watamtaka huyu. Watamsimamisha juu ya meza na kusema: mwoneni, mlimpa sigara tupu akavuta maradufu.

"Na ikiwa ni kweli?" Everlyn aliuliza. "Ikiwa amevuta zote hizi?"

"Ikiwa ni kweli, Sista, basi tumemdhuru, na sitaificha."

Neno hilo lilimwingia Everlyn kama mwiba wa mchongoma. Kwa sababu baba yao, Mzee Maweu, alikufa miaka mitano nyuma kwa kifua. Alikonda hata mkanda ukamzunguka mara mbili, na hadi wiki ya mwisho alikuwa akiomba sigara kwa ishara ya vidole. Kwa ajili ya baba ndiyo maana Everlyn aliitika alipoitwa kwenye kazi hii. Alitaka Kimanzi apate ule mwanya. Sasa huenda kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameongeza kuni.

Daktari alikuwa amekwisha inuka. Alikuwa akipekua daftari la mashine.

Mashine ile ilikuwa kitu kidogo cha kushika mkononi. Mtu alizuia pumzi akihesabiwa kumi na tano, kisha akapuliza polepole kwenye mrija, na namba ikatokea. Ilipima ile hewa mbaya ya moshi iingiayo katika damu, ile ile iuayo watu wakilala na jiko la makaa chumba kimefungwa. Sigara isiyo na nikotini huitoa hewa hiyo kama sigara nyingine yoyote, maana karatasi ni karatasi na jani likiungua ni jani. Avutaye maradufu atapuliza namba kubwa. Hakuna pa kujificha.

Siku ya kuandikishwa Kimanzi alipuliza kumi na nane. Jumatatu iliyofuata, kumi na nane. Kisha kumi na saba. Asubuhi ile ile, mbele ya macho ya Everlyn, kumi na sita.

Walitazamana, daktari na nesi, na kila mmoja akaona mshangao wa mwenzake. Kopo lilisema thelathini kwa siku, na kifua kikasema sigara zile zile kumi na tano za mwanzo, pengine kumi na nne. Everlyn, akishika uzi wowote wa tumaini, akasema labda Kimanzi anavuta juu juu. Daktari akatikisa kichwa. Alisema mvutaji akitaka kufidia huvuta kwa nguvu, si juu juu. Hivyo ndivyo walivyofanya wazungu walipoletewa zile sigara ziitwazo nyepesi: zilikuwa na matundu madogo kwenye kichungi ya kuingiza hewa, watu wakayaziba kwa vidole na midomo, wakavuta kwa pumzi ndefu, na nikotini yao wakaipata yote, kwa kuwa ndani ilikuwemo. Hizi za kwetu ndani haimo.

"Ni kama machicha yaliyokwisha kukamuliwa," alisema. "Ukamue utakavyo, tui hutaliona. Mtu hukamua mara mbili, mara tatu, kisha mkono unachoka. Hilo ndilo wazo zima. Kwa hiyo ama wazo langu ni bovu, ama mashine ni mbovu, ama vipisi hivi si vya mtu mmoja. Muulize ndugu yako."

Everlyn alimkuta Kimanzi shambani, juu ya ngazi, akichuma machungwa. Kimanzi alikuwa mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Mkewe Caroline alifanya kazi ya kufua shuka hotelini Ukunda na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mama yao. Dada yake alimweleza yote akiwa amesimama chini ya ngazi, uso juu, jua likimchoma macho. Alimweleza habari za kopo, na mashine, na Ijumaa. Kimanzi hakuteremka. Alisikiliza huku akichuma.

Alipomaliza kusikia, alisema kwamba yeye alifuata masharti. Hakuna sigara nyingine iliyoingia nyumbani kwake tangu siku aliyotoa neno lake, yeye ndiye anunuaye na hakununua. Na kuhusu kopo, alisema, dada amesahau maneno yake mwenyewe? Siku ile alisimama mbele ya watu kumi na wawili akasema: kila kipisi kitakachopatikana nyumbani kwenu, kitieni koponi, msiache hata kimoja.

"Nimeleta kila kipisi kilichopatikana nyumbani," alisema Kimanzi.

"Wewe ndiye uliyezivuta zote?"

Machungwa mawili yakaanguka kapuni, moja baada ya jingine. Everlyn akarudia swali. Akamwambia kama ni kweli amezivuta amwambie, asimwogope, maana hana usingizi. Mdogo wake akashuka ngazi moja, akamtazama kwa namna aliyomtazama walipokuwa watoto, mmoja amevunja chungu na mwingine anajua.

"Dada, mimi nikikuambia hapana, utauliza la pili. Na la pili si langu kulijibu. Mimi nina kinywa, lakini heshima ina kufuli."

Akapanda tena. Everlyn alibaki chini na kitambaa chake mkononi, asijue amwombe au amchape kama zamani.

Alirudi zahanati kwa miguu, na njia nzima alijiambia kwamba ni Caroline. Lakini Caroline alikuja mara moja tu ndani ya wiki tatu. Akajiambia ni vibarua wa machungwa. Lakini vibarua walikuja Jumamosi tu, na vipisi vilikuwa vya kila siku. Alipofika alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akamwaga makopo yote matatu ya namba saba, kila wiki na gazeti lake, akavaa miwani ya kushonea.

Mara ya kwanza alikuwa amehesabu. Mara hii alitazama.

Vipisi vilikuwa vya namna mbili. Vya kwanza vilibanwa vikawa bapa, vimevutwa hadi mwisho kabisa, na vilishika udongo mwekundu: mtu amekanyaga kwa kisigino, akainama akaokota. Huyo alikuwa Kimanzi, kisigino chake na shamba lake. Vya pili vilikuwa mviringo, havikukanyagwa. Vingi viliachwa nusu, tumbaku bado imo. Navyo vilikuwa na unga mweupe wa kijivu uliogandamana penye moto. Everlyn alisugua unga ule kwa kidole, akaunusa. Lilikuwa jivu la mkorosho, jivu la mafigani. Mtu alizizima kwa kuzichomeka ndani ya jivu la jiko, jikoni, mahali ambapo katika nyumba ile mwanamume haingii isipokuwa kuomba maji.

Akatenga. Vyenye udongo mwekundu, mia tatu na kumi na nane. Vyenye jivu, mia tatu na kumi na tisa.

Alikaa kitako. Akahesabu jivu kwa wiki, kwa kuwa mkono ulijua kazi yake hata moyo ulipokataa: tisini na tano, mia moja thelathini na nne, tisini. Mtu huyu wa jivu alipanda wiki ya pili kama mwenda wazimu, akiwasha na kuacha nusu, akiwasha na kuacha nusu, kisha akashuka. Na Kimanzi hakupanda popote. Kimanzi alikuwa pale pale aliposema, kumi na tano, akishuka pole pole. Kosa lilikuwa la mwanzo: walimwuliza mvutaji kwa mdomo, halafu wakaihesabu nyumba kwa kopo.

Lakini jikoni kulikuwa na nani?

Mwaitu. Hivyo ndivyo Wakamba wamwitavyo mama, na hivyo ndivyo Everlyn alivyomwita mama yake, Ndulu binti Kasyoki, mjane wa Maweu, mwenye umri wa miaka sitini na minane, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mwanamke ambaye alimtoa mwimbaji mmoja, aitwaye Mapenzi, kwenye kwaya kwa kunusa ugoro nyuma ya mlango. Ambaye kila Jumapili alitoa ushuhuda kwamba mwili ni hekalu. Everlyn alicheka peke yake, kicheko kikavu, kisha kikakatika.

Kwa sababu alikumbuka kikohozi.

Miaka miwili Mwaitu alikuwa akikohoa. Miaka miwili Everlyn alikuwa akimtibu. Mara tatu alimpima makohozi kwa kifua kikuu, mara tatu hapakuwa na kitu. Alimpa dawa za pumu, za homa ya mapafu, akamkataza kukaa penye baridi, akamshonea fulana ya sufu. Alilaumu moshi wa kuni, akamnunulia jiko la makaa, na mama akalishukuru na kuliweka juu ya kabati kama picha. Everlyn alifungua saraka, akaitoa kadi ya mama yake. Ilikuwa imechakaa kwa kushikwa. Jina, umri, kijiji, dalili, dawa, vyote kwa mwandiko wake mzuri. Na katikati, mstari mmoja ambao kwa wagonjwa wengine aliujaza bila ya kufikiri, hata kwa mashekhe na wachungaji: Anavuta tumbaku?

Mbele yake palikuwa patupu. Akazitoa na zile tatu za kabla yake: kadi nne, na katika kila moja mstari ule ulikuwa mtupu. Hakusahau. Alikumbuka vyema siku ya kwanza, kalamu ikiwa hewani. Mtoto hamwulizi mama yake swali kama lile. Ni kama kumwuliza kama ameiba. Kwa hiyo aliuruka, kwa adabu, na adabu ile ikaandika dawa zisizo zake kwa miaka miwili.

Kesho yake saa nne asubuhi alikwenda. Katika mkoba alitia kadi, kalamu, na ile mashine ndogo ambayo daktari alimwazima bila ya kuuliza ni ya kumpima nani. Mama yake alikuwa jikoni, ameketi kigodani, anapepeta mahindi ya muthokoi, yaliyotwangwa kuondoa maganda. Everlyn akaamkia, wakaulizana hali za watoto na ng'ombe, akapewa chai. Mama alikohoa, akageuza uso, akaomba radhi kwa kukohoa mbele ya chai.

Mafiga yalikuwa matatu, na katikati yake jivu jeupe, laini, lililosawazishwa kwa mkono. Everlyn alijaribu kutolitazama.

Alianza kwa mbali. Alisema daktari ana shida na kopo la Kimanzi. Alisema Ijumaa wakubwa watakutana Diani na kopo lile likisomwa lilivyo, watasema sigara zile zinawazidishia watu kuvuta, na wazo la daktari litazikwa. Alisema Kimanzi anakataa kusema. Mama aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka, pumba zikaruka, mahindi yakarudi. Kisha, bila ya kuinua uso, akaanza kusema habari za marehemu.

"Baba yako hakuwa na kiberiti maisha yake yote," alisema Mwaitu. "Wakumbuka? Akiketi pale uani aliita tu. Mimi huku jikoni nilitoa sigara, nikachukua kaa kwa koleo, nikaiwasha. Sasa sigara haiwashwi kwa kushikwa. Shurti uivute kidogo ishike moto. Unaivuta mara mbili, unampelekea. Mke mwema ndivyo afanyavyo, mama yake alinifundisha wiki ya arusi. Mara mbili asubuhi, mara mbili akitoka shamba. Akivuta ishirini, mimi nimewasha ishirini. Miaka thelathini na minne."

Everlyn aliona tena yale aliyoyaona kila siku ya utoto wake: mama anatoka jikoni ameshika sigara inayofuka, mkono mmoja chini ya mwingine kwa heshima, baba anapokea. Alikuwa ameliona mara elfu nyingi na hakuliona hata mara moja. Alitaka kuinuka atoke nje.

Mama akasema kwamba walipomzika mzee, watu wote walidhani analia mume. Alilia mume, Mungu ni shahidi. Lakini siku ya tatu ya matanga alishikwa na kitu kingine, mikono inatetemeka, hasira bila ya sababu, usingizi hakuna, na hakukijua jina lake. Akadhani ni pepo. Hata jioni ya siku ya nne akaona pakiti ya marehemu juu ya mwamba wa paa, akawasha moja kwa kaa kama desturi, akatoka nayo mlangoni, na uani hapakuwa na wa kumpelekea.

Ungo ulitulia mapajani.

Everlyn alikuwa na maneno mengi, ya nesi na ya binti, na yote yalikuwa mabaya. Kwa nini hukuniambia. Mapenzi ulimtolea nini kwenye kwaya. Miaka miwili, Mwaitu, na mimi nakupa vidonge. Mkono wake uliigusa ile mashine ndani ya mkoba. Ilikuwa rahisi: puliza hapa, Mwaitu, kwa ajili ya kikohozi. Namba ingetokea, na hakuna ambaye angehitaji kusema lolote. Lakini aliona kwamba mashine ingemjibia mama yake kabla ya mama kujijibia, na hilo lingekuwa kumvua nguo mtu mzima. Akaiacha mkobani.

Alichukua kadi. Akasogeza kigoda, akaketi mbele ya mama yake magoti kwa magoti, kama anavyoketi mbele ya mgonjwa asiyemjua.

"Jina?" aliuliza.

Mama alimtazama kwa mshangao. Kisha akaelewa, na kitu kikalegea penye mabega yake. "Ndulu binti Kasyoki."

"Umri?"

"Sitini na minane. Au sabini, baba yangu hakuandika."

"Kikohozi tangu lini?"

"Tangu mwaka wa juzi, kabla ya mvua kubwa."

Kalamu ya Everlyn ilishuka mstari mmoja, ikafika pale patupu. Nje jogoo aliwika saa isiyo yake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka, sauti ya mtoto aombaye ruhusa.

"Unavuta tumbaku, Mwaitu?"

Mama yake alitia mkono chini ya kigoda, kwenye jivu la pembeni, akatoa sigara moja nyeupe iliyoachwa nusu, akaizungusha kati ya vidole kama mtu akaguaye sindano.

"Navuta," alisema. "Andika. Kumi kwa siku, tangu baba yako afe. Hizi za daktari wenu nilimwibia Kimanzi, maana alikataa kuninunulia zangu, na nikaziwasha hata ishirini, mwanangu, nikitafuta. Nawasha, natafuta, naizima. Labda imo katika nyingine. Kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo moshi unatoka na mwenyewe kahama. Wiki ile nilikuwa mkali kama nyuki. Halafu mtu huchoka kubisha. Jana niliwasha tatu, na hizo ni mkono tu uliokwenda kwa mazoea. Andika tatu."